Mwanaidi Katika Visanduku Vitatu: Majina ya Mwana na Bi Mbele ya Fomu

Wazazi wanaoandikisha watoto huuliza swali hili, na makarani wanaowaandikisha huulizana wao kwa wao. Mtu akiitwa Mwanaidi, Mwanahawa au Bimkubwa, je, hilo "mwana" au "bi" la mwanzoni ni sehemu ya jina lake la kwanza? Au ni neno la heshima, kama "mama" au "bibi", ambalo fomu inaweza kuliacha nje bila mtu kupotea?

Jibu la sura hii ni kwamba mwana hubaki ndani ya jina, kwa neno moja, katika kila kisanduku cha fomu. Bi huhitaji kuangaliwa zaidi, kwa sababu wakati mwingine ni jina na wakati mwingine ni heshima tu. Kuna njia rahisi ya kutambua tofauti, na njia hiyo inaeleweka vizuri zaidi pale ambapo majina ya pwani yamesafiri mbali hadi ikasahauliwa jinsi yalivyoundwa. Mahali kama hapo ni Kituku.

Majina yanayoshuka botini

Kituku ni soko na bandari ndogo ukingoni mwa Ziwa Kivu, mjini Goma. Boti zinazotoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi hushusha hapo ndizi, mananasi, maharagwe na abiria. Anayesikiliza majina yakiitwa gatini huisikia Kivu yote kwa muda mfupi. Kavira na Masika ni majina ya Wanande, na yanaonyesha msichana alizaliwa wa ngapi. Nabintu ni jina la Bushi. Furaha, Neema, Riziki na Zawadi ni maneno ya Kiswahili yaliyogeuka majina. Katikati yao wamo akina Mwanaidi, Mwayuma na Mwavita.

Majina haya ya mwisho yana historia ndefu. Katika pwani ya Afrika Mashariki, tangu Lamu na Pate hadi Unguja na Pemba, msichana aliweza kupewa jina lililoanza na mwana likafuatwa na siku, sikukuu au jina la mwanamke anayeheshimiwa. Aliyezaliwa Ijumaa akawa Mwanajuma, wa Alhamisi akawa Mwanahamisi, na wa sikukuu akawa Mwanaidi. Mwanaisha na Mwanahawa hubeba majina ya Aisha na Hawa. Mwana hapo lina sauti mbili kwa pamoja: mtoto, na pia bibi mwenye hadhi, kwani huko pwani "mwana" lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke kama "bwana" lilivyo kwa mwanamume.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ya biashara kutoka pwani ilifika Nyangwe na Kasongo, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Maniema. Pamoja na pembe, watumwa, bunduki na nguo, ilipita pia lugha ya Kiswahili, dini ya Kiislamu na majina. Vita vya 1892 hadi 1894 kati ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa misafara hiyo vilimaliza utawala wao, lakini majina yalibaki katika familia, yakaendelea kuhama na watu hadi Bukavu na Goma. Njiani yalibadilika kidogo. Mwajuma akawa Mwayuma, na Mwamvua akaandikwa Mwanvua. Likaenea pia Mwavita, la msichana aliyezaliwa wakati wa vita.

Hapa pana jambo la kuangalia. Mwajuma ni Mwanajuma aliyefupishwa, kwa kuwa "mwana" limebana likawa "mwa". Hakuna karani anayefikiria kumwandika "Mwa Juma", kwa kuwa "mwa" haliwezi kusimama peke yake na sikio hulipokea jina lote kwa mkupuo. Mwanajuma ni jina lilelile, lakini kwa kuwa "mwana" ni neno kamili ambalo kila mtu analijua, kalamu hushawishika kulikata. Jina refu linaadhibiwa kwa sababu tu kipande chake kinaeleweka.

*Kwa ufupi: majina ya mwana yaliundwa pwani kama neno moja, yakaingia Kongo kwa misafara ya karne ya 19. Ufupisho wa "mwa" unaonyesha kwamba wenyewe waliyasikia kama kitu kimoja.*

Fomu ya Kongo haina "jina la kwanza" kama la jirani

Nchini Tanzania fomu nyingi huuliza jina la kwanza, la kati na la mwisho, na la mwisho kwa kawaida ni la babu au ukoo. Fomu za Kongo zina visanduku vitatu vingine: *Nom*, *Postnom* na *Prénom*. Mgeni hudhani *Nom* ni jina la ukoo na *Prénom* ni jina la kwanza, kama Ulaya. Mara nyingi sivyo.

Mpangilio huu ulipata sura yake katika siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye asili. Mwaka 1972 raia walitakiwa kuacha majina ya kigeni, hasa yale ya ubatizo, na kuchukua majina ya Kiafrika. Rais mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Nafasi ya jina la ubatizo ikajazwa na jina jingine la kienyeji lililofuata la kwanza, nalo likaitwa *postnom*, yaani jina la nyuma. Katika miaka ya 1990 majina ya ubatizo yalirudi, lakini *postnom* haikuondoka. Ndiyo maana leo Wakongomani wengi wana majina matatu.

La muhimu zaidi ni kwamba *Nom* si lazima liwe la ukoo. Ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na *Nom* tatu tofauti, kila mmoja akiwa na lake alilopewa alipozaliwa. Kwa hiyo Mwanaidi anaweza kuwa kwenye *Nom*, kwenye *Postnom* au kwenye *Prénom*, kutegemea alivyoandikishwa. Kwa mtu wa Goma, kuuliza kama mwana ni sehemu ya "jina la kwanza" hakutoshi. Swali linalomfaa ni kama mwana anabaki na mwenzake katika kisanduku kimoja, kiwe kipi.

Jinsi jina moja linavyokuwa mawili

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye hatua ambazo yeyote aliyewahi kujaza fomu atazitambua. Msichana anaitwa Mwanaidi, baba yake ni Ramazani, na jina lake la tatu ni Zaina. Siku ya kuandikishwa, mazungumzo huenda hivi:

— Jina yako njo nani, mama?
— Mwanaidi.
— Mwana ya Idi? Idi njo baba yako?
— Hapana. Baba njo Ramazani. Mimi niko Mwanaidi.

Karani hana nia mbaya. Katika Kiswahili cha Goma, na katika lugha nyingi za Kivu, "mwana" ni mtoto, basi. Heshima ya pwani iliyokuwa ndani ya neno hilo haisikiki tena. Sikio lake linapokea "mtoto wa Idi", na fomu iliyo mbele yake ina visanduku vitatu vinavyongoja kujazwa. Matokeo yake ni haya:

```
Nom      : MWANA
Postnom  : IDI
Prénom   : RAMAZANI
```

Visanduku vyote vimejaa, na hilo ndilo tatizo. Kisanduku kitupu kingemshtua mkaguzi, lakini hapa fomu inaonekana kamili. Zaina amedondoka kwa kukosa nafasi, baba amehamia kwenye jina la ubatizo, na Mwanaidi hayupo.

Hatua inayofuata ni shule. Mwalimu anamwandika kwa kusikia, "Mwanaidi Ramazani", na jina hilo linafuata ripoti za shule mwaka hadi mwaka mpaka diploma ya serikali. Akifikisha miaka 18 anachukua kadi ya mpiga kura, ambayo kwa raia wengi wa Kongo ndiyo kitambulisho cha kila siku. Ikiwa ameonyesha cheti cha kuzaliwa, kadi itasema Mwana Idi Ramazani. Laini ya simu na akaunti ya pesa kwa simu hufuata kadi. Sasa binti mmoja ana majina mawili, kila moja likiwa na karatasi zake, na kila karatasi ikionekana halali.

Kukatwa huku kuna madhara yanayohusu majina ya mwana peke yake. Ukiondoa mwana, kinachobaki mara nyingi ni jina la mwanamume. Idi, Juma, Hamisi na Ramazani ni wanaume. Mtu anayetuma pesa akaona jina "Idi" husita, maana anayemtumia ni mwanamke. Anayekagua orodha ya akina mama waliopewa msaada akikuta "Juma" hushuku udanganyifu. Kwa Mwanahawa na Mwanaisha hasara ni ya kimyakimya, kwa sababu Hawa na Isha ni wanawake pia. Hakuna anayeshtuka, ila aliyeandikwa amekuwa mtu mwingine.

Halafu kuna mpangilio wa alfabeti. Mwanaidi yuko chini ya M. Aliyekatwa mwana yuko chini ya I, na aliyegawanywa yuko chini ya M lakini kwenye rundo moja na kila "Mwana" mwingine, akina Juma, Hamisi, Hawa na Isha wote wakiwa na *Nom* moja kana kwamba ni ukoo.

Watu wa Kituku wanajua orodha ya majina inaweza kutumika kwa nini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama ikiwa inakaribia bandari hiyo, na watu wengi wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangojea. Hesabu ya abiria ikabishaniwa, kwa sababu hapakuwa na orodha ya kutegemewa. Orodha ya abiria ni fomu ya kwanza kabisa ambayo familia huitafuta baada ya ajali, na jina lililomo linapaswa kuwa lile ambalo mama au mume atalitaja akiwa amesimama gatini.

*Kwa ufupi: kosa huanza sikioni, hufichwa na visanduku vilivyojaa, na huonekana miaka mingi baadaye karatasi mbili zinapokutana.*

Bi: heshima au jina?

Bi ni kifupi cha bibi, na mpaka leo hutumika kama neno la heshima. Fomu za Tanzania na Kenya huandika "Bw." na "Bi." mbele ya jina, na hapo Bi si sehemu ya jina la mtu. Mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, jina lake lilikuwa Fatuma binti Baraka. Kidude lilikuwa jina la utani, na Bi ilikuwa heshima iliyotangulia utani huo. Anayejaza fomu yake kwa haki angeandika Fatuma.

Lakini Bimkubwa ni jina kamili, na Biubwa vilevile. Biubwa Amour Zahor, mmoja wa wanawake waliojulikana katika siasa za Zanzibar enzi za Mapinduzi, jina lake ni Biubwa. Ukiondoa bi linabaki "ubwa", ambalo halimtambulishi mtu yeyote.

Upande wa mwana nao una historia ya aina mbili. Mshairi wa Pate na Lamu aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858 huandikwa vitabuni Mwana Kupona, maneno mawili, na wengi husoma mwana hapo kama heshima kwa bibi wa ukoo mkubwa. Majina ya wanawake wa leo hayana mashaka hayo. Mwanahawa Ali wa taarabu, Mwanahamisi Omari wa soka ya Tanzania na mwanahabari Mwanaisha Chidzuga wa Kenya huandikwa kwa neno moja, na hakuna anayewaita Hawa, Hamisi au Isha. Mazoea ya karne ya 19 hayawezi kutumiwa kuwakata wao.

Kituku ina mtego wake upande huu. Huko bi ya heshima haisikiki sana, kwa kuwa mwanamke wa kuheshimiwa huitwa "mama". Yapo hata hivyo majina mengi yanayoanza na sauti hiyo bila uhusiano wowote na bibi. Bisimwa na Birindwa ni ya Bushi, na mara nyingi ni ya wanaume. Bijou limetoka Kifaransa. Mtu akitunga kanuni ya kuondoa kila "bi" iliyo mwanzoni, ameharibu majina ya Kivu kwa jambo la pwani.

Kipimo cha kutofautisha ni maswali matatu, na jibu hutolewa na mwenye jina:

1. Siku alipopewa jina, wazazi walitaja neno lote au kipande? Kama ni lote, limo.
2. Alipokuwa mtoto mdogo, kabla hajastahili heshima yoyote, aliitwaje? Mtoto wa miaka mitatu haitwi "Bi" kwa heshima ya kiofisi, ila anaweza kuitwa Bimkubwa.
3. Ukiliondoa, kinachobaki ni jina ambalo yeye huitikia? Anayeitwa Bi Asha huitikia akiitwa Asha bila Bi. Mwanaidi hageuki akiitwa Idi.

Pasipoti na kompyuta

Wapo wanaodhani kistari kitatatua ugomvi, yaani Mwana-Idi, kama Jean-Pierre. Machoni pa karani kinasaidia, maana hakuna anayemweka Jean kwenye kisanduku kimoja na Pierre kwenye kingine. Kwenye pasipoti hakisaidii. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya herufi inayosomwa na mashine, na kanuni za kimataifa za mistari hiyo haziruhusu kistari. Kistari na nafasi vyote hugeuzwa kuwa alama `<`. Mwanaidi mwenye *Nom* ya Ramazani atasomeka hivi, kwanza akiwa mzima, kisha akiwa na nafasi au kistari:

```
RAMAZANI<<MWANAIDI
RAMAZANI<<MWANA<IDI
```

Alama mbili hutenganisha jina kuu na mengine, na moja hutenganisha neno na neno. Kwa mashine, mstari wa pili ni mtu mwenye majina mawili, Mwana na Idi. Tiketi ya ndege, viza na kibali cha ukaazi zikijazwa kutoka hapo, kila moja inaweza kuchagua kipande chake. Neno moja bila nafasi ndilo linalopita salama kila mahali.

Wanaotengeneza programu za shule, hospitali na vyama vya akiba wanaweza kupunguza madhara kwa hatua moja. Wakati wa kutafuta, programu ilinganishe majina baada ya kuondoa nafasi na vistari, ili `Mwana Idi`, `Mwana-Idi` na `Mwanaidi` wote waonekane pamoja. Kisichobadilishwa hivyo ni jina lililohifadhiwa. Hilo libaki kama lilivyoandikwa kwenye hati, na programu isiondoe mwana wala bi yenyewe. Pia kisanduku kimoja au viwili viruhusiwe kubaki vitupu, kwa sababu kulazimisha vyote vitatu vijazwe ndiko kunakomsukuma karani kukata jina moja ajaze nafasi mbili.

Mahali pa kulilinda jina

Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema mpangilio wa sehemu za jina na tahajia yake havibadilishwi. Kuzaliwa kwa mtoto hutangazwa kwa ofisa wa hali ya raia ndani ya siku 90. Anayetaka kubadili jina, tahajia au mpangilio baadaye lazima apite mahakama ya amani na kutoa sababu ya haki. Kwa maneno mengine, dakika chache za ofisini siku ile ya kwanza huamua mambo ambayo baadaye yatahitaji hakimu.

Kwa hiyo mzazi wa Mwanaidi ana kazi ndogo ya kufanya kabla karani hajapiga muhuri:

- Alete jina likiwa limeandikwa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa na bila nafasi: MWANAIDI.
- Achague mapema kisanduku gani ni cha jina gani, na aseme hivyo. "*Nom* Ramazani, *Postnom* Mwanaidi, *Prénom* Zaina" ni sentensi inayotosha.
- Achague tahajia moja. Mwajuma na Mwayuma yote ni majina sahihi, ila mtoto mmoja asiwe na yote mawili.
- Asome cheti chote kabla ya kuondoka, na ahesabu majina. Yakiwa matatu kinywani na matatu kwenye karatasi lakini si yaleyale, amwonyeshe karani papo hapo.

Karani naye ana swali moja la kuuliza badala ya "mwana wa nani?" Aseme, "Jina hili ni neno moja au mawili?" Wapo wanawake ambao hati zao za zamani zinasema Mwana Asha kwa maneno mawili, na wao wenyewe hutia sahihi hivyo. Hao waachwe hivyo, maneno yote mawili yakikaa katika kisanduku kimoja, kwa kuwa kuwaunganisha kwa nguvu kungevunja ulinganifu wa karatasi walizonazo tayari.

Kwa aliyekwisha kugawanywa, cheti cha kuzaliwa ndicho huangaliwa kwanza. Kikiwa sahihi na kosa likiwa kwenye kadi au rejista ya shule, hizo ndizo zitakazorekebishwa kwa kukifuata. Kosa likiwa kwenye cheti chenyewe, inabidi kwenda mahakamani, na hapo ripoti za shule, kadi ya kliniki ya utotoni na hati yoyote ya zamani iliyoandikwa Mwanaidi kwa neno moja huwa ushahidi kwamba jina halikubuniwa jana. Familia nyingi huzitupa karatasi hizo mtoto akishamaliza shule. Zihifadhiwe mpaka jina lote likae sawa kwenye cheti, kadi na diploma.